Nibu, Klipu, Pete na Boksi: Kuihukumu Kalamu ya Kifahari kwa Picha

Biashara ya kalamu za kifahari katika Jiji la Dar es Salaam imehama kwa sehemu kubwa kutoka kwenye kabati la kioo la duka na kuingia kwenye kioo cha simu, na kwa mkazi wa Chamazi, aliye mbali na maduka makubwa ya katikati ya jiji na aliyezoea kuletewa mzigo na bodaboda kutoka Kariakoo kupitia Mbagala, jambo hilo limekuwa la kawaida kiasi kwamba kalamu ya kumpa mstaafu siku ya kuagwa, au mhitimu siku ya mahafali, huchaguliwa, hujadiliwa bei na hata kulipiwa kabla mnunuzi hajaishika. Anachokiona ni picha nne au tano: ncha ya kalamu, kibanio chake, kifuniko na boksi lililofunguliwa. Swali linalozungumzwa hapa ni la kitaalamu na lina mipaka yake, nalo ni hili: picha hizo zinaweza kuthibitisha nini, na haziwezi kuthibitisha nini?

Ili mazungumzo yasitawanyike, kalamu moja tu itachukuliwa kuwa kipimo, nayo ni Meisterstück ya kampuni ya Montblanc ya mjini Hamburg, Ujerumani, ambayo jina lake lina maana ya kazi ya fundi aliyehitimu na ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1924. Imechaguliwa kwa sababu inaigwa mno duniani, na kwa sababu maandishi yake yamebadilika kwa vipindi vinavyojulikana, hivyo kila kiungo chake hubeba ushahidi wa wakati kilipotengenezwa. Kalamu mpya ya wino ya aina hiyo huuzwa kwa bei inayopita shilingi milioni moja, ilhali zile zinazotangazwa mitandaoni kuwa ni orijino kutoka Dubai mara nyingi huombwa laki mbili au tatu. Bei ndogo peke yake si ushahidi wa udanganyifu, kwa kuwa mtu mwenye shida huuza mali yake kwa hasara, lakini ni sababu ya kutosha ya kuzitazama picha upya na kwa utulivu.

Kanuni ya kwanza ni kwamba picha inaweza kutia hatiani lakini haiwezi kuachia huru. Kosa lililochongwa kwenye chuma, kwa mfano jina lililoandikwa vibaya, linatosha kuikataa kalamu hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Lakini kutoonekana kwa kosa hakuthibitishi uhalali, kwa sababu picha haina uzito, haina mguso, haionyeshi wino unavyoteremka, na zaidi ya yote inaweza kuwa imechukuliwa kutoka tangazo la mtu mwingine kabisa. Kanuni ya pili inafuatana na ya kwanza: si viungo vyote vya kalamu vina uzito sawa wa ushahidi. Kiungo ambacho mwigaji hukiiga kwa gharama ndogo, yaani boksi na karatasi zake, kina ushahidi dhaifu, na kiungo kinachomgharimu mno, yaani nibu, kina ushahidi mzito. Wanunuzi wengi huzifuata kanuni hizi kinyume, wakivutiwa na boksi lililokamilika na kuipitia nibu kwa haraka.

Nibu, kwa wasiozoea kalamu za wino, ni ile ncha ya bapa yenye mpasuko katikati ambamo wino hupita kuelekea kwenye karatasi. Katika kalamu halisi za kundi hili nibu ni ya dhahabu, wala si chuma kilichopakwa maji ya dhahabu, na kiwango cha dhahabu hiyo huchongwa juu yake kwa njia mbili zinazosema jambo moja. Njia ya kwanza ni ya karati, ambapo dhahabu tupu huhesabiwa kuwa na karati 24, na ya pili ni ya sehemu kwa elfu, ambapo dhahabu ya karati 14 huandikwa 585 na ya karati 18 huandikwa 750. Kwa hiyo nibu iliyoandikwa 14K pamoja na 750, au 18K pamoja na 585, inajipinga yenyewe, na hakuna kiwanda cha heshima kinachoweza kukosea hesabu hiyo. Katika kalamu zinazotengenezwa siku hizi, ile kubwa inayoitwa 149 ina nibu ya karati 18, na ile inayoifuata kwa ukubwa, inayoitwa 146, ina nibu ya karati 14, ingawa zamani viwango hivi vilibadilika kwa kufuata masoko na vipindi.

Juu ya nibu hiyo huchongwa pia tarakimu 4810, ambazo ni urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita kama ulivyohesabiwa zamani. Mlima wenyewe una kilele cha barafu kinachopanda na kushuka, na vipimo vya mwaka 2023 viliupa mita 4,805.59, lakini nibu haikuufuata mlima na tarakimu zimebaki vilevile tangu zilipoanza kuchongwa karibu na mwaka 1930. Tarakimu hizo kila mwigaji anazijua, hivyo kuwapo kwake hakumsaidii mnunuzi hata kidogo. Kinachomsaidia ni namna zilivyochongwa. Nakshi ya nibu halisi hukandamizwa ndani ya dhahabu, kwa hiyo kila mstari una kina, una kingo kali, na mwanga ukiangukia kwa ubavu upande mmoja wa mstari hung'aa na upande wa pili huwa na kivuli chembamba. Nakshi ya kuiga mara nyingi huchomwa kwa mwanga wa leza juu ya chuma laini, nayo huonekana kama mstari wa kijivu usio na kina, wenye upana uleule kila mahali, na usiobadilika hata mwanga ukihamishwa.

Ipo alama nyingine kwenye nibu ambayo ni ya kuaminika zaidi kuliko maandishi yote. Nibu nyingi za Meisterstück zina rangi mbili, dhahabu ya njano na eneo jeupe lililopakwa rodiamu, ambayo ni metali ya jamii ya platini isiyochujuka. Mpaka kati ya njano na nyeupe hufuata mstari uliochongwa, na katika kazi ya kiwandani hauvuki mstari huo. Katika kuiga, kwa kuwa kupaka kwa usahihi ndiko kunakokula muda wa fundi, weupe humwagika nje ya mstari au huishia kabla ya kuufikia, na hitilafu hiyo huonekana hata kwenye picha ya simu ya kawaida mradi picha iwe ya karibu na isiyotikisika. Baada ya hapo nibu itazamwe kwa ubavu. Ncha kabisa ya nibu ya dhahabu huungwa tone dogo la metali ngumu, kwa desturi huitwa iridiamu hata pale lisipokuwa na iridiamu yoyote, kwa sababu dhahabu peke yake ingesagika kwa karatasi. Nibu za bei ndogo kabisa hukosa tone hilo, na badala yake chuma chenyewe hukunjwa kwenye ncha. Ni picha ya ubavu tu inayofichua hilo, na ndiyo picha ambayo wauzaji wengi hawaitumi mpaka waombwe.

Hapa inafaa kusimama kidogo kuhusu picha yenyewe, kwa kuwa kalamu halali nyingi zimeitwa feki kwa makosa ya kamera. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi, na vitu vya kwanza kupotea ni mistari myembamba, nukta juu ya herufi na kingo za nakshi. Picha hiyohiyo ikitumwa kama faili la nyaraka hufika kama ilivyopigwa. Kamera ya mbele ya simu huweza kugeuza picha kama kioo, maandishi yakasomeka kinyumenyume, na hilo si kosa la kalamu. Simu ikisogezwa karibu mno na kitu, pande za picha huvimba na kibanio kilichonyooka huonekana kimepinda, na dawa yake ni kurudi nyuma kiasi kisha kukuza. Taa ya njano ya chumbani hufanya rodiamu ionekane dhahabu, na kwa hiyo mpaka wa rangi mbili uliotajwa hupotea wote. Mwanga unaofaa ni wa dirishani asubuhi, kalamu ikiwa juu ya karatasi nyeupe, bila mmuliko wa kamera. Anayetaka kuhukumu kwa haki aombe picha za namna hiyo kwanza, kisha ndipo aanze kutafuta makosa.

Klipu, yaani kibanio kinachoshika mfuko wa shati, hufuata baada ya nibu, na wengi huihukumu kwa umbo lake kwa jumla wakati umbo ndilo lililo rahisi kuigwa. Jambo la kutazama ni ulinganifu: klipu iangaliwe kutoka mbele, kalamu ikiwa imelala sawasawa, na pande zake mbili zipungue au zipanuke kwa kiasi kimoja, mgongo wake uwe umevimba bila kuwa na bonde, na ncha yake ielekee katikati ya kifuniko badala ya kuangalia kando. Klipu ya kuiga hukatwa kutoka bati jembamba na kukunjwa, hivyo ikitazamwa kwa ubavu huonyesha ukingo mkali na uwazi kwa ndani, ambapo halisi huonekana kuwa na mwili.

Utajiri wa klipu hata hivyo upo kwenye pete yake, ile sehemu ya mviringo inayozunguka kifuniko mahali klipu inapoanzia, kwa kuwa hapo ndipo historia ilipoandikwa. Kabla ya Ujerumani mbili kuungana tarehe 3 Oktoba 1990, pete hiyo iliandikwa W-GERMANY, yaani Ujerumani Magharibi, na baada ya hapo ikawa GERMANY. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 pete ilianza pia kuchongwa namba ya utambulisho, ambayo ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu unaokusudiwa kuwa wa kalamu moja tu. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo, chini ya klipu, upande unaogusa kifuniko, likaongezwa neno dogo Pix, ambalo ni jina la kibiashara la zamani la kampuni hiyo. Kwa hiyo klipu moja inaweza kusomwa kama cheti cha kuzaliwa, na makosa makubwa ya waigaji hutokea hapa, kwa kuwa wao huchukua alama za vipindi tofauti na kuziweka pamoja kwa kudhani kwamba alama zikiwa nyingi ndivyo kalamu inavyoaminika.

Kutokana na hayo hutokea dhana mbili potofu. Ya kwanza ni kwamba kalamu isiyo na namba ni feki. Mtumishi aliyepewa Meisterstück mwaka 1985 na kuitunza hadi leo ana kalamu isiyo na namba, isiyo na neno Pix, yenye W-GERMANY kwenye pete, na pengine yenye nyota nyeupe ya juu ya kifuniko iliyogeuka njano kidogo, na yote hayo yanakubaliana na umri wake. Mnunuzi kijana aliyejifunza alama kwa kutazama kalamu mpya tu anaweza kuikataa mali halali na kwenda kununua ya bandia yenye namba nzuri. Dhana ya pili ni kwamba namba ikiwapo basi kalamu imethibitika. Waigaji huchonga namba moja kwenye maelfu ya kalamu, hivyo namba ile ile ikikutwa kwenye matangazo mawili ya wauzaji tofauti, mmoja Kariakoo na mwingine Nairobi, hakuna haja ya kuendelea. Kabla ya kuvutiwa na namba, mnunuzi aiandike kwenye injini ya utafutaji jinsi ilivyo na atazame inatokea wapi kwingine.

Pete za kifuniko, ambazo wauzaji huziita mikanda, ni tatu katika Meisterstück, mbili nyembamba na moja pana katikati yao, na ile pana huchongwa jina la kampuni na neno MEISTERSTÜCK kwa kuzunguka. Katika kalamu za zamani maneno hayo hufuatiwa na namba ya aina, mfano No 149 au No 146, na baadaye namba hiyo ikaachwa. Hapa jicho lianze na herufi Ü, ambayo ni U yenye nukta mbili juu. Karakana nyingi za kuiga huchonga U tupu, au huweka kistari kimoja badala ya nukta mbili, au nukta zinasogea na kukaa juu ya herufi ya jirani. Kisha nafasi kati ya herufi zipimwe kwa macho: maandishi halisi hugawanywa kuzunguka pete kwa usawa, na ya kuiga mara nyingi hubanana mwanzoni na kulegea mwishoni kwa sababu mchongaji alikosa nafasi au ilimzidi. Kina nacho kisitofautiane kutoka herufi hadi herufi, na sehemu ya chini ya herufi isiwe imejazwa rangi nyeusi ya kuficha uchongaji hafifu, ingawa uchafu wa miaka unaweza kufanana na rangi hiyo na unahitaji kusuguliwa kwa kitambaa kabla ya kuhukumiwa.

Boksi ndilo linalopewa heshima kubwa katika matangazo, ambako maneno full box huandikwa kama kwamba ndiyo hati ya umiliki, na kwa sababu hiyo linastahili kupewa heshima ndogo zaidi. Maboksi halisi matupu huuzwa yenyewe, na kalamu ya bandia huwekwa ndani yake bila shida; maboksi ya kuiga nayo yamekuwa mazuri kiasi kwamba picha haiwezi kuyatenganisha. Hata hivyo, boksi lina jambo moja lenye manufaa, nalo ni kibandiko cha nje chenye msimbo wa mistari, jina la aina ya kalamu na namba ya bidhaa. Namba ya bidhaa haifanani na namba ya utambulisho iliyo kwenye klipu, kwa kuwa ya bidhaa ni ya aina nzima ya kalamu na ya utambulisho ni ya kalamu moja. Kwa miaka mingi namba 10883 ilikuwa ya kalamu ya bolpeni ya Meisterstück yenye mapambo ya dhahabu, na 12890 ilikuwa ya ile ya wino mwepesi yenye kifuniko cha kuvuta, hivyo kibandiko kinaweza kuulizwa kama kinakubaliana na kalamu iliyolazwa ndani. Kijitabu cha huduma kitazamwe kwa tahajia ya lugha zake na kwa nafasi iliyoachwa kwa mhuri wa duka na tarehe. Kijitabu kisicho na mhuri hakithibitishi lolote kwa upande wowote.

Sasa ichukuliwe seti moja ya picha ili hatua hizi zionekane zikifanya kazi pamoja. Tangazo linasema kalamu ni Meisterstück 146, orijino, imetumika kidogo, na ina boksi kamili, kwa shilingi laki mbili na themanini, mzigo unafikishwa hadi Chamazi. Picha ya kwanza inaonyesha nibu ya rangi mbili yenye 4810, 18K na 750. Picha ya pili inaonyesha pete ya klipu yenye W-GERMANY pamoja na namba ya utambulisho, na kwa chini ya klipu neno Pix. Picha ya tatu inaonyesha pete ya kifuniko yenye neno MEISTERSTUCK bila nukta. Picha ya nne inaonyesha boksi jeusi lenye kibandiko 10883, na ndani yake, pembeni ya kalamu, kuna bomba dogo la kuvutia wino lenye kizibo cha kuzungusha.

Muuzaji mwenye maarifa ana jibu kwa kila jambo. Kuhusu karati 18 atasema, na kwa haki, kwamba zipo 146 zilizotengenezwa kwa masoko fulani zikiwa na nibu ya kiwango hicho, na zaidi ya hapo 18K na 750 zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Kuhusu W-GERMANY na Pix kwenye klipu moja atasema kwamba kalamu ilifanyiwa matengenezo na vipuri vya vipindi viwili vikakutana, jambo ambalo hutokea kwa pete na kifuniko, lakini hapa maandishi yote mawili yako kwenye kipande kimoja, kwa hiyo jibu hilo linadhoofika. Kuhusu nukta zilizopotea atailaumu WhatsApp, na anaweza kuwa sahihi mpaka picha itumwe kama nyaraka. Kuhusu kibandiko cha bolpeni atasema maboksi yalibadilishana dukani. Kila udhuru, ukichukuliwa peke yake, unaweza kukubalika, na ndiyo maana mabishano ya kidogo kidogo juu ya alama moja moja hayafiki popote. Lakini ili kalamu hii iwe halali, ni lazima ajali zote hizo ziwe zimeipata kalamu moja, na hapo uwezekano unakuwa mdogo sana.

Kisha linakuja lile bomba dogo, ambalo halina udhuru. Kalamu za 146 na 149 hujazwa wino kwa pistoni iliyojengwa ndani ya mwili wake: nibu huchovywa katika chupa, kitako cha nyuma huzungushwa, na wino hupanda. Kalamu ya namna hiyo haina nafasi ya bomba la kubadilisha wala ya kibweta cha wino, na nyingi zina dirisha dogo karibu na mahali pa kushikia ili mwandishi aone wino uliobaki. Aina inayotumia vibweta ni nyingine, nyembamba kidogo, inayoitwa 145. Aliyetengeneza seti iliyo pichani aliujua mlima, karati na neno Pix, lakini hakujua jinsi kalamu aliyokuwa akiiiga inavyojazwa, na kwa hiyo aliweka ndani ya boksi kifaa ambacho kalamu halisi haiwezi kukitumia. Hukumu ya seti hii ni kwamba ni bandia, na imetolewa kwa picha peke yake bila kuishika kalamu.

Ikumbukwe kwamba hukumu imepatikana kwa sababu seti ilikuwa na makosa. Kama picha zingekuwa safi, zenye nibu ya 14K na 585, klipu yenye GERMANY, namba na Pix, pete yenye Ü, na boksi lenye kibandiko kinacholingana, mnunuzi angekuwa na sababu ya kwenda kuiona kalamu, si sababu ya kutuma fedha. Waigaji wa daraja la juu hurekebisha makosa kadiri wanunuzi wanavyoyatangaza, na orodha ya makosa inayosambazwa mitandaoni humfundisha mnunuzi na mwigaji kwa wakati mmoja. Hii ndiyo sababu mpaka wa rangi mbili kwenye nibu, kina cha nakshi na mfumo wa pistoni vinabaki kuwa mashahidi wazuri: kuvijua hakutoshi kuviiga, kwa sababu kuviiga kunahitaji dhahabu, muda na mashine, na mwigaji anayetumia vyote hivyo hawezi tena kuuza kwa laki mbili na themanini.

Upande wa sheria hauhitaji maneno mengi. Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, ijulikanayo kwa kifupi FCC, ambayo ndiyo pia inayomlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na alama zenyewe za biashara husajiliwa BRELA. Kenya ilitunga sheria yake ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008. Nguvu za vyombo hivi kwa kawaida huelekea kwenye makontena na maghala, na mtu aliyeuziwa kalamu moja kwa njia ya simu hutegemea zaidi kile alichokihifadhi: tangazo lenyewe, maneno ya muuzaji yaliyotamka kwamba bidhaa ni halisi, picha zilizotumwa na ujumbe wa muamala. Anayefuta mazungumzo baada ya kukasirika hufuta kesi yake.

Kwa mnunuzi wa Chamazi basi, maombi yanayofaa kumpelekea muuzaji kabla ya kujadili bei ni machache na hayana gharama: picha ya nibu kutoka juu na kutoka ubavuni, pete ya klipu ikizungushwa mpaka maandishi yake yote yasomeke, chini ya klipu, mkanda mpana wa kifuniko katika sehemu yenye Ü, na video fupi ya kitako cha nyuma kikizungushwa huku nibu ikiwa majini, zote zikitumwa kama nyaraka na zikiwa na kipande cha karatasi chenye tarehe ya siku hiyo kando ya kalamu. Muuzaji mwenye kalamu halisi hupata picha hizo kwa muda wa kunywa chai. Asipozituma, fedha ibaki kwenye simu ya mnunuzi, na akizituma zikiwa safi, wakutane mchana mahali penye watu, Mbagala Rangi Tatu au kwingineko, ili kalamu ishikwe, ijazwe wino na iandike kabla ya malipo.